Manjano ya Jikoni na Manjano ya Kapsuli: Ini Linajua Tofauti

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Idara ya Afya ya kaunti katika baraza la wakazi, mbele ya wahamasishaji wa afya ya jamii na wenye maduka ya dawa



Hakuna jikoni katika kaunti hii ambamo manjano ni mgeni. Yako kwenye mchuzi wa samaki, kwenye biriani, kwenye viazi vya rojo na kwenye kikombe cha tangawizi cha mtu mwenye mafua. Bibi zetu waliyatumia maisha yao yote na hayakuwadhuru. Ndiyo maana mtu anapoona dukani chupa ya kapsuli iliyochorwa mzizi wa manjano, haoni sababu ya kuogopa. Hujiambia kwamba hiki ni kiungo tu, na kiungo hakina madhara.

Hoja ya leo ni kwamba kilicho ndani ya chupa ile si kiungo cha jikoni tena. Kimebadilishwa kwa njia mbili. Kwanza, kimekolezwa mara nyingi. Pili, kimechanganywa na kitu kinachofungua lango ambalo mwili huwa umelifunga. Kwa watu wengi mabadiliko hayo hayaleti shida. Kwa wachache yameleta ugonjwa wa ini, na wapo waliopoteza maisha.

Tuanze na hesabu. Dawa inayotafutwa ndani ya manjano huitwa kurkumini, na ndiyo inayoyapa rangi yake. Unga wa manjano una kurkumini kidogo sana, takriban gramu 3 katika kila gramu 100. Kijiko kimoja cha chai cha unga huo kina uzito wa karibu gramu 3, kwa hiyo ndani yake mna kurkumini ipatayo miligramu 90. Mama akitia kijiko hicho katika sufuria ya mchuzi wa watu sita, kila mmoja anapata takriban miligramu 15.

Sasa ichukuliwe kapsuli ya kawaida ya miligramu 500 ambayo lebo yake inasema asilimia 95 ni kurkumini. Ndani ya kapsuli hiyo moja mna miligramu 475. Hiyo ni sawa na vijiko vitano vya unga na kitu juu, vyote vimemezwa kwa funda moja la maji. Anayemeza mbili kwa siku anafikisha miligramu 950. Wataalamu wa usalama wa chakula wa Umoja wa Ulaya wameweka kiwango cha miligramu 3 za kurkumini kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni miligramu 180. Kwa hiyo mmezaji wa kapsuli mbili amepita kiwango hicho mara tano, ilhali mla mchuzi hajakikaribia.

Hata hivyo, kwa muda mrefu wingi huo haukuonekana kuwa tatizo, kwa sababu mwili una ulinzi wake. Kurkumini haiyeyuki vizuri katika maji, kwa hiyo sehemu kubwa hupita tumboni na kutoka na choo. Ile kidogo inayopenya ukuta wa utumbo hukutana na vimeng'enya, kwenye utumbo wenyewe na kwenye ini. Vimeng'enya hivyo huigandisha na aina ya sukari ili iyeyuke na kutolewa nje haraka. Ni kama askari langoni anayempiga mhuri kila mgeni na kumwonyesha mlango wa kutokea. Mtu anaweza kumeza gramu 2 nzima za kurkumini peke yake, na damu yake ikipimwa, ikakosa kuonekana au ikaonekana kwa kiasi kidogo mno.

Watengenezaji wa kapsuli waliona hapo kuna kikwazo cha biashara. Dawa isiyofika kwenye damu ni vigumu kuisifia. Jibu walilipata katika pilipili manga.

Mwaka 1998 watafiti nchini India walichapisha matokeo ya jaribio dogo. Waliwapa watu wa kujitolea gramu 2 za kurkumini, na mara nyingine wakawapa gramu zile zile pamoja na miligramu 20 za piperini. Piperini ndiyo inayoipa pilipili manga ukali wake. Katika saa la kwanza baada ya kumeza, kurkumini kwenye damu ilipanda sana. Watafiti walikadiria kwamba kiasi kilichofyonzwa kiliongezeka kwa asilimia 2000, yaani mara ishirini na moja ya kile cha awali. Jaribio lilikuwa la watu wachache, na damu ilionyesha ongezeko hilo kwa muda mfupi tu. Lakini asilimia ile 2000 imekuwa ikirudiwa katika matangazo ya kapsuli hadi leo kama sifa njema isiyo na upande wa pili.

Upande wa pili unaonekana ukiuliza piperini inafanyaje kazi hiyo. Haiisaidii kurkumini kuyeyuka. Inachofanya ni kuwafunga mikono wale askari wa langoni. Inazuia vimeng'enya vya utumbo na ini visifanye kazi yao, na inadhoofisha pia pampu ndogo zilizo kwenye ukuta wa utumbo ambazo husukuma vitu vigeni virudi nje. Kurkumini inapita bila mhuri. Shida ni kwamba askari hao hawakuwekwa kwa ajili ya kurkumini peke yake. Wao ndio wanaoshughulikia dawa nyingi za hospitali.

Hapo ndipo mgonjwa anayetumia dawa za kila siku anapaswa kusimama na kusikiliza. Tafiti kwa binadamu zimeonyesha kwamba piperini huongeza kiasi cha fenitoini kwenye damu, dawa ya kifafa ambayo ikizidi kidogo humfanya mtu ayumbe na kuona maruerue. Imeonyeshwa pia kuongeza propranololi, inayotumika kwa moyo na shinikizo la damu, na rifampisini, ambayo ni dawa ya kifua kikuu. Mgonjwa hajaongeza kidonge hata kimoja cha hospitali, lakini mwili wake umepokea kana kwamba ameongeza. Na nchini New Zealand mwaka 2018 ilitolewa taarifa ya mgonjwa aliyekuwa ametulia vizuri kwa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Alipoanza kutumia bidhaa ya manjano, kipimo cha damu yake kilipanda kupita 10, ilhali kwa wagonjwa wengi wa warfarini hutakiwa kiwe kati ya 2 na 3. Kwa kiwango hicho mtu anaweza kuvuja damu ndani ya mwili.

Sasa tuje kwenye ini lenyewe.

Kwa miaka mingi vitabu vya tiba viliandika kwamba manjano hayadhuru ini. Mambo yalianza kubadilika kapsuli zenye nguvu zilipoenea. Kati ya mwisho wa mwaka 2018 na mwaka 2019, serikali ya Italia ilikusanya kesi zipatazo 20 za homa ya ini kwa watu waliokuwa wakitumia bidhaa za manjano. Dhana ya kwanza ilikuwa kwamba bidhaa zimechafuliwa kwa sumu fulani, lakini uchunguzi haukupata uchafu ambao ungeweza kueleza ugonjwa huo. Ufaransa ilitoa onyo lake mwaka 2022. Australia ilifuata mwaka 2023, baada ya kupokea ripoti 18 za matatizo ya ini.

Uchunguzi wa kina zaidi ulitoka Marekani. Huko kuna mtandao wa hospitali unaofuatilia watu walioumia ini kwa sababu ya dawa na virutubisho. Katika miaka ya 2011 hadi 2022 madaktari wake walithibitisha kesi kumi zilizosababishwa na manjano, na nyingi kati yake zilitokea kuanzia mwaka 2017. Wanane kati ya hao kumi walikuwa wanawake. Watano walilazwa hospitalini, na mmoja alifariki kwa sababu ini lilishindwa kabisa kufanya kazi. Bidhaa saba zilipopimwa katika maabara, zote zilikuwa na manjano kweli, na tatu zilikuwa na pilipili manga.

Idadi hiyo inafundisha mambo mawili. La kwanza, pilipili manga si lazima iwepo ndipo ini liumie. Zipo bidhaa zinazoipeleka kurkumini kwenye damu kwa njia nyingine, kama vile kuichanganya na mafuta maalumu au kuisaga iwe chembe ndogo mno. Kwa hiyo lebo isiyotaja pilipili si cheti cha usalama. La pili, wagonjwa saba kati ya wale kumi walikuwa na aina moja ya jeni ya kinga ya mwili waliyorithi kwa wazazi. Hii inaonyesha kwamba kwa baadhi ya watu kinga ya mwili huigeukia ini, kana kwamba limevamiwa. Wengi wenye jeni hiyo hawadhuriki, na hakuna kipimo cha kawaida katika zahanati zetu cha kuitambua. Ndiyo maana jirani anaweza kumeza kapsuli mwaka mzima akabaki mzima, na mwenzake akaugua kwa chupa ile ile.

Ili jambo hili lieleweke, upo mfano wa kupangwa, unaofuata mwenendo ambao madaktari wameueleza. Aitwe Mama Zawadi, mwenye umri wa miaka 56, anayeuza mboga na kusumbuliwa na magoti. Binti yake aliye mjini anamletea chupa ya kapsuli za manjano. Kwa haki, zipo tafiti ndogo zilizoonyesha kwamba kurkumini hupunguza kwa kiasi maumivu ya magoti, na Mama Zawadi mwenyewe anahisi nafuu. Anameza mbili kila siku, na kwa sababu ni manjano tu, hamwambii mtu yeyote kwenye kituo cha afya.

Mwezi wa kwanza unapita salama. Katika wiki ya nane anaanza kuchoka bila sababu. Chakula kinamchukiza, na harufu ya mafuta ya kukaangia inamtia kichefuchefu. Anadhani ni malaria, ananunua dawa, hapati nafuu. Siku chache baadaye mkojo wake unakuwa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, ingawa anakunywa maji ya kutosha. Ngozi inamwasha usiku. Kisha mjukuu anamwambia, "Nyanya, macho yako yamekuwa ya manjano."

Hapa ndipo neno letu moja linapoweza kumpoteza mtu. Mama Zawadi anaweza kujifariji kwamba rangi ile ni ya kapsuli anazomeza. Sivyo. Manjano hutia rangi vidole, nguo na mwiko, lakini weupe wa jicho hauwi wa manjano kwa sababu ya kula kiungo. Ukibadilika, maana yake ini limeshindwa kuondoa taka ya chembe nyekundu za damu, na taka hiyo imebaki mwilini. Kosa jingine ni mtu kuona macho ya manjano na kuongeza manjano zaidi akidhani ni dawa ya ini. Huko ni kuongeza kuni kwenye moto.

Mama Zawadi anakwenda hospitalini, na jambo la busara analofanya ni kuibeba chupa. Daktari anaagiza kipimo cha utendaji wa ini. Kimeng'enya kimoja cha ini, ambacho kwa mtu mzima kwa kawaida hakizidi vizio 40 hivi, kwake kimepita 1000. Maana yake seli za ini zinapasuka na kumwaga vilivyomo ndani yake kwenye damu. Daktari hasemi mara moja kwamba ni kapsuli. Anapima kwanza homa ya ini ya virusi, anauliza kuhusu pombe, dawa za maumivu na dawa za miti shamba, na anapiga picha ya tumbo kuona kama kuna mawe kwenye nyongo. Yote yakikosekana, chupa inabaki kuwa mshukiwa mkuu. Hakuna kipimo kimoja kinachosema "hili ni la manjano". Ugunduzi huja kwa kuondoa sababu nyingine moja baada ya nyingine, na ndiyo maana mgonjwa anayeficha kapsuli zake humfunga daktari macho.

Tiba kuu ni kuacha kapsuli. Wengi walioacha walianza kupata nafuu, na ini likarudi hali yake ndani ya mwezi mmoja hadi mitatu, huku wakipimwa mara kwa mara. Kilicho marufuku ni kurudia baada ya kupona. Wapo walioanza tena, na ini likaumia upya, kwa sababu kinga ya mwili haisahau.

Katika mabaraza swali la kwanza huwa ni kama wapishi waache pilipili manga. Hapana. Robo ya kijiko cha chai cha pilipili manga ina uzito wa karibu nusu gramu, na piperini yake haizidi sana miligramu 25. Ikigawanywa kwa walaji sita wa sufuria moja, kila mmoja anapata takriban miligramu 4, pamoja na zile miligramu 15 za kurkumini zilizotajwa mwanzoni. Hicho ndicho kipimo cha bibi zetu, na hakuna sababu ya kukiacha. Tatizo huanza pale mtu anapokigeuza chakula kuwa dozi: vijiko vitatu au vinne vya manjano na kijiko cha pilipili manga katika kikombe kimoja, kila asubuhi, miezi mfululizo. Huyo ameanza kuitengeneza kapsuli nyumbani kwake.

Kwa anayefikiria kununua kapsuli, asome lebo kabla ya kulipa. Atafute miligramu za kurkumini katika kila kapsuli, si picha ya mzizi. Akiona asilimia 95, ajue hicho si kiungo. Atafute pia neno la Kiingereza linaloanza kwa herufi P, I, P, E, R. Likiwepo, pilipili manga imo. Na sifa inayosema bidhaa hiyo inafyonzwa haraka au mara nyingi zaidi isomwe kama onyo.

Wapo ambao wasitumie kabisa kapsuli hizi bila kuzungumza na mhudumu wa afya. Hao ni mwenye ugonjwa wa ini au wa nyongo, anayetumia dawa za kifua kikuu, ambazo zenyewe zinaweza kuliumiza ini, anayetumia dawa za kifafa, za moyo, za kuzuia damu kuganda au za virusi vya ukimwi, na mama mjamzito. Asiache dawa za hospitali ili apate nafasi ya kapsuli. Kinachoachwa ni kapsuli.

Anayezitumia tayari na yuko salama asipatwe na hofu, lakini azijue dalili na mpangilio wake: uchovu, kukosa hamu ya chakula, kichefuchefu, maumivu chini ya mbavu za kulia, mwasho, mkojo mweusi, choo cheupe, macho ya manjano. Dalili hizi zinaweza kuja kati ya mwezi wa kwanza na wa nne, yaani wakati mtu ameshazoea na kusahau kwamba kuna kitu kipya anachomeza. Akiziona, aache siku hiyo hiyo na aende kituo cha afya pamoja na chupa. Akianza kuchanganyikiwa, kulala ovyo mchana, kutokwa na damu kwenye ufizi au kuvimba tumbo, hiyo ni dharura. Apelekwe hospitali ya rufaa usiku huo huo, bila kusubiri kupambazuke.

Wenye maduka ya dawa wana swali moja la kuongeza kaunta. Kabla ya kumuuzia mteja kapsuli za manjano, wamuulize anatumia dawa gani nyingine. Wahamasishaji wa afya ya jamii nao, wanapoandika dawa za mgonjwa nyumbani, waulize kwa jina: "Na manjano ya chupa, unatumia?" Watu wengi hawayahesabu kuwa dawa, kwa hiyo wasipoulizwa hawatayataja. Kesi ikitokea, mhudumu aiwasilishe kwa Bodi ya Dawa na Sumu, ambayo hupokea ripoti za madhara kutoka kwa wahudumu na kwa wananchi wenyewe. Italia ilitambua tatizo lake kwa sababu kesi moja moja ziliandikwa na kukusanywa mahali pamoja.

Manjano yabaki kwenye mchuzi, na chupa ionyeshwe daktari.